Sura za video ya mhadhara: kata kwanza, muda uandike baadaye

*"Nina manukuu ya mhadhara wa saa moja na nusu, faili la .srt. Mhariri bado anakata video. Naweza kuanza kuandika sura za YouTube sasa hivi?"*

Mkuu, usianze. Usiandike hata sura moja kabla mhariri hajakukabidhi video ya mwisho.

Fundi wa video niliyefanya naye kazi alituapia kwamba muda haubadiliki, eti tukianza mapema tunaokoa siku. Si kweli, na mpaka leo inaniuma, maana wanafunzi ndio walioumia: wanabofya "Sampuli" wanatua katikati ya mada nyingine kabisa.

Chukua mhadhara wa takwimu. Manukuu yametokana na rekodi ghafi, na mada ya sampuli inaanza hapa:

```
00:31:05,400 --> 00:31:09,100
Haya, sasa tuingie kwenye sampuli.
```

Mhariri akiondoa dakika 6 na sekunde 20 za mwanzo, watu wakihangaika na maiki, sura hiyo inahamia 24:45. Hapo kutoa tu kunatosha. Balaa ni pale anapokata na mapumziko ya katikati, tuseme dakika 14 na sekunde 30. Maswali ya wanafunzi yaliyokuwa 1:20:10 sasa yako 59:20, kwa sababu kila kilicho baada ya mapumziko kimerudi nyuma kwa dakika 20 na sekunde 50. Ukitoa 6:20 kwenye orodha nzima, nusu ya kwanza itakaa sawa na nusu ya pili itakuwa uongo mtupu. Wengi hawagundui, kwa sababu wanajaribu sura mbili za mwanzo wanaridhika.

Kwa hiyo jaribu sura ya mwanzo na ya mwisho. Zikipishana na video kwa kiasi kilekile, huenda kilichokatwa ni mwanzo tu. Zikipishana kwa viwango tofauti, kuna mkato katikati. Mwulize mhariri uko wapi, ugawe orodha hapo.

Njia safi ni kutoa manukuu upya kutoka kwenye faili la mwisho. Kama ulishasahihisha majina na istilahi kwa mkono, usiyatupe, toa muda kwa mafungu kama nilivyoonyesha. Kisha chukua muda wa kushoto mwa mshale, kwenye sentensi ambayo mhadhiri anavuka kuingia mada, si pale neno lilipotajwa kwa mara ya kwanza kwa kupita. Milisekunde acha.

```
0:00 Utangulizi
24:45 Kuchagua sampuli
59:20 Maswali ya wanafunzi
```

Ya kwanza lazima iwe 0:00, ziwe tatu au zaidi, zipangwe kwa mfuatano, na kila moja idumu angalau sekunde 10. La sivyo YouTube haionyeshi sura. Na mhariri akikurudishia video akisema "nimepunguza kidogo tu", rudia jaribio la sura ya mwisho kabla hujachapisha.