Maswali na majibu: Sasisho liko tayari, niliweke leo au ningoje?

Kila nikishika simu naona "Update available", nami nagusa "Later". Hivi nikiendelea hivi napoteza nini hasa?

Inategemea unachokiahirisha. Yapo masasisho ya namna mbili, na yote huja na ujumbe ule ule. La kwanza ni kiraka cha usalama: mtengenezaji amegundua tundu kwenye mfumo na sasa analiziba. La pili ni toleo jipya zima, lenye sura mpya na mambo mapya. Hili la pili liache wiki tatu ukitaka, hutadhurika. La kwanza ndilo lenye kisa, kwa sababu siku kiraka kinapotolewa, tundu lenyewe nalo limeshatangazwa. Wadukuzi huchukua mafaili ya zamani na mapya, huyalinganisha, na pale palipobadilika ndipo wanapochimba. Tundu ambalo juzi lilijulikana na watu wachache, leo linajulikana na kila mwenye ujuzi na nia mbaya.

Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka kiitwacho MS17-010. Tarehe 12 Mei mwaka huo huo, kirusi cha WannaCry kilianza kusambaa duniani kupitia tundu hilo hilo, kikifunga mafaili ya watu na kudai fidia. Hospitali nyingi za Uingereza zililazimika kuahirisha miadi ya wagonjwa. Kiraka kilikuwepo kwa karibu miezi miwili.

Mimi kiraka cha usalama sikipi zaidi ya siku mbili tatu. Kwenye iPhone, soma maelezo ya usalama yanayoambatana na sasisho. Ukikuta maneno "may have been exploited", maana yake yawezekana tundu limeshatumika dhidi ya watu, na hapo usilale kabla hujaliweka.

Sasa nitajuaje kama ni kiraka au ni toleo zima?

Tazama namba. Kwenye iPhone, kutoka 16 kwenda 17 ni toleo zima. Kutoka 17.4 kwenda 17.4.1 ni marekebisho, na namba hiyo ya tatu karibu kila mara ni ya kuziba au kurekebisha kitu.

Kwenye Android angalia vitu viwili tofauti ndani ya Settings, sehemu ya About phone: namba ya Android, na tarehe ya kiraka cha usalama, ambayo simu nyingi huiita "Android security update" au jina la karibu na hilo. Namba ikibaki ile ile na tarehe ikasogea mbele, ni kiraka. Tarehe hiyo ikiwa imesimama kwa miezi minane na simu inasema haina jipya, basi tatizo si wewe, ni mtengenezaji aliyeacha kuihudumia.

Windows huandika waziwazi. "Security Update", au "Cumulative Update" kwa majina ya zamani, yenye namba inayoanza na KB ndiyo kiraka cha mwezi, kinachotoka Jumanne ya pili ya kila mwezi kwa saa za Marekani. Ukiona neno "Preview" kwenye jina, liruke bila wasiwasi. Hilo ni la hiari, halina viraka vipya vya usalama, na yaliyomo yatakuja kwenye sasisho la kawaida la mwezi unaofuata yakiwa yameshajaribiwa na wenye haraka.

Jirani yangu husema usiwe wa kwanza kusasisha, waache wengine waungue. Ana hoja?

Kwa matoleo mazima, anayo. Tarehe 2 Oktoba 2018 Microsoft ilitoa toleo la Windows 10 namba 1809. Siku chache baadaye watu walianza kulalamika kwamba mafaili yao yametoweka, na tarehe 6 kampuni ikalisimamisha. Walioumia zaidi ni waliokuwa wamehamisha folda kama Documents kwenda mahali pengine, na mafaili mengine yakabaki kwenye folda ya zamani. Sasisho liliiona folda ya zamani kama takataka, likaifuta na vilivyomo. Toleo lilirudi tarehe 13 Novemba likiwa limerekebishwa. Aliyengoja wiki sita hakujua hata kama kulikuwa na msiba.

Hata masasisho madogo huteleza. Tarehe 24 Septemba 2014, iOS 8.0.1 ilizikatia mtandao wa simu baadhi ya iPhone 6 zilizoiweka. Apple iliiondoa siku hiyo hiyo, na kesho yake ikatoa 8.0.2. Ndiyo maana nasema siku mbili tatu, sisemi dakika mbili tatu. Makosa makubwa ya namna hii kwa kawaida hujulikana ndani ya saa 48, kwa kuwa wanaoungua hawanyamazi.

Kwa Windows, kuna ukurasa wa Microsoft unaoitwa "Windows release health", wenye orodha ya matatizo yanayojulikana ya kila toleo. Tafuta hapo jina la printa yako, programu yako ya kazi au aina ya kadi ya sauti. Dakika tano zinatosha. Na wakati unangoja, usizime masasisho kabisa. Bonyeza "Pause updates", ambayo ina mwisho wake. Aliyezima moja kwa moja husahau kuwasha, nami nimekutana na kompyuta nyingi za namna hiyo.

Shikamoo fundi. Laptopu yangu ya masomo imeleta sasisho la Windows pamoja na la BIOS. Nibonyeze tu yote mawili?

Marahaba. La Windows liweke. La BIOS, ngoja kwanza tuzungumze, maana hapa ndipo nilipoona watu wakipoteza kila kitu.

BIOS ni programu ndogo inayoamsha kompyuta kabla Windows haijafika. Laptopu nyingi za siku hizi diski yake imefungwa kwa BitLocker, kufuli la diski la Windows, mara nyingi bila mwenyewe kujua. Ufunguo unalindwa na kichipu kiitwacho TPM, na kichipu hicho huutoa pale tu kinapoona kompyuta imeamka kwa njia ile ile ya kila siku. Ukibadilisha BIOS, njia ya kuamka imebadilika. Kichipu hakijui kama ni wewe au ni mwizi, kwa hiyo kinakataa. Unawasha, unakuta skrini ya buluu ikidai namba ya tarakimu 48. Usipokuwa nayo, mafaili hayafunguki, na hakuna fundi wa kukusaidia. Mwanafunzi mmoja aliniletea laptopu ya namna hiyo wiki ya kuwasilisha tasnifu. Namba yake ilikuwa kwenye akaunti ya barua pepe aliyoifungua siku ya kununua laptopu na kuisahau. Tulitumia jioni nzima kuirudisha akaunti, si kompyuta.

Kwa hiyo anza hivi. Fungua Command Prompt kwa kubofya kulia na kuchagua "Run as administrator", kisha andika:

```
manage-bde -status C:
```

Ukiona "Protection Off", hili halikuhusu kwa sasa. Ukiona "Protection On", itoe namba yako:

```
manage-bde -protectors -get C:
```

Chini ya "Numerical Password" kuna kitambulisho, na chini yake tarakimu 48 katika mafungu manane ya tarakimu sita. Ziandike kwenye karatasi pamoja na herufi nane za mwanzo za kitambulisho. Usizihifadhi kwenye laptopu hiyo hiyo, huko ni kufungia ufunguo ndani ya sanduku. Kisha sitisha ulinzi kwa muda:

```
manage-bde -protectors -disable C: -RebootCount 0
```

Chomeka chaja na uhakikishe betri ina chaji ya kutosha, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kuandika BIOS laptopu inaweza isiwake tena. Weka sasisho. Itazima na kuwaka mara mbili au zaidi, skrini nyeusi dakika kadhaa. Usiiguse. Ikifika kwenye Windows salama, rudisha ulinzi:

```
manage-bde -protectors -enable C:
```

Amri hiyo ya mwisho usiisahau, la sivyo diski itabaki wazi kwa yeyote atakayeiokota.

Ikiwa umeshachelewa na skrini ya buluu iko mbele yako, tumia simu kufungua account.microsoft.com/devices/recoverykey kwa akaunti uliyoanzishia laptopu, ulinganishe kitambulisho cha kwenye skrini na kile cha kwenye orodha.

iPhone inasema haina nafasi ya kupakua sasisho. Nifute picha?

Hapana. Iunganishe na kompyuta, usasishe kupitia Finder kwenye Mac, au iTunes au Apple Devices kwenye Windows. Faili zito litapakuliwa kwenye kompyuta, na simu itahitaji nafasi ndogo zaidi. Na kwa kuwa umeshaunganisha, tengeneza kwanza nakala ya akiba hapo hapo.

Nimeshaweka toleo jipya na programu ninayofanyia kazi haifunguki. Naweza kurudi nyuma?

Kwanza sasisha programu yenyewe, mara nyingi mtengenezaji wake ameshatoa toleo linaloendana. Ikishindikana, jibu linategemea chombo.

Windows hukupa siku 10 baada ya toleo zima, ndani ya Settings, System, Recovery, kitufe cha "Go back". Ndani ya siku hizo usifute folda ya Windows.old ukidhani unapunguza uchafu. Mfumo wako wa zamani umo humo. Kiraka cha mwezi nacho kwa kawaida huondolewa kupitia "Uninstall updates", kwenye historia ya masasisho.

iPhone ni kali zaidi. Apple hukubali toleo la zamani kwa kipindi kifupi tu baada ya jipya kutoka, kisha hufunga mlango. Tena nakala ya akiba uliyoitengeneza kwenye mfumo mpya haitaingia kwenye wa zamani. Android nyingi hazina njia ya kurudi isiyofuta simu nzima.

Kuna programu ambazo hazirudi hata ungoje. iOS 11 ya mwaka 2017 na macOS Catalina ya mwaka 2019 ziliacha kabisa programu za biti 32, na waliokuwa na programu za zamani za muziki au mahesabu walibaki na alama tu kwenye skrini. Kama kazi yako inasimama juu ya programu moja, nenda kwenye ukurasa wa mtengenezaji wake kabla ya kusasisha, utafute namba ya toleo jipya la mfumo kwenye orodha ya yanayokubalika. Namba isipokuwepo, usiliweke kwanza.

Nilikuwa nasoma habari, ukurasa ukasema kivinjari changu kimezeeka, nibonyeze kupakua kipya. Nibonyeze?

Funga ukurasa huo. Sasisho la Chrome huanzia kwenye nukta tatu za juu, Help, kisha About Google Chrome. Kama faili ulishalipakua, lifute bila kulifungua. Kama ulilifungua, ikate kompyuta kwenye intaneti, ikague kwa programu ya kupambana na virusi, na nywila zako uzibadilishe ukitumia chombo kingine.