Kiango cha taulo chenye joto: cha umeme au cha maji, na wati za kwenye boksi

Kiango changu cha kwanza nilikinunua kwa kupima ukuta tu. Bafu langu ni dogo: mita 2 kwa 1.8, dari iko mita 2.4. Nikaona palipobaki panatosha kiango cha upana wa sentimita 50 na urefu wa 120, nikachagua cha kromu kwa sababu kinang'aa. Boksi lilisema wati 450. Fundi bomba akakiunga kwenye mabomba yaleyale yanayopeleka maji ya moto kwenye radieta za nyumba. Baridi ilipoanza, kiango kikawa vuguvugu, taulo zikakauka nusu, na bafu likabaki baridi vilevile.

Nilidhani kina hewa ndani. Hilo ni rahisi kulijua: ukikuta chini kuna moto na juu ni baridi, hewa imekaa juu na inatolewa kwa ufunguo mdogo mpaka maji yaanze kuchuruzika. Changu kilikuwa vuguvugu sawasawa toka juu mpaka chini, kwa hiyo tatizo lilikuwa hesabu.

Bafu kama langu lina mita za ujazo 8.6. Kwa makadirio ya haraka, kila mita ya ujazo inahitaji wati 50 hivi, zaidi kama kuta mbili zinatazama nje. Hapo inakuja kama 430. Kwa hiyo wati 450 zilionekana kutosha. Lakini namba ya kwenye boksi hupimwa maji yakiwa na wastani wa nyuzi 70 na chumba nyuzi 20, yaani tofauti ya nyuzi 50. Boila langu nililiweka nyuzi 55, maji ndani ya kiango yana wastani wa 50, na bafuni nataka 22. Tofauti ni 28 tu. Joto hupungua haraka kuliko tofauti inavyopungua: kwa nyuzi 28 unabaki na chini kidogo ya nusu, kwangu kama wati 210. Kisha ukatundika taulo mbili nene, nazo ni blanketi. Zinaweza kuzuia hata nusu ya hicho kilichobaki. Mwenye mfumo wa pampu ya joto, ambao maji yake huwa ya baridi zaidi, aifanye hesabu hii kabla hajalipa.

Na kromu nayo ina lawama yake. Kiango cha vipimo vilevile kilichopakwa rangi kinaweza kutoa hata robo zaidi, maana kromu haitoi joto vizuri.

Cha umeme hakina shida hii ya maji ya boila. Ndani yake mara nyingi kuna maji yenye dawa ya kuzuia kuganda, na hita yenye thamostati chini. Wati zilizoandikwa ndizo hita inazovuta. Kinawaka hata radieta zimezimwa, jambo ambalo cha maji hakiwezi. Ubaya ni bili: joto la umeme wa moja kwa moja kwa kawaida ni ghali kuliko la gesi. Ila cha wati 300 kikiwaka saa 3 kwa swichi ya saa kinakula uniti 0.9 tu, na kukausha taulo hakuhitaji zaidi. Mwachie fundi umeme kazi ya kukiunga, na swichi iwe nje ya bafu.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa bafu dogo: kama bafu lina radieta yake au sakafu ya joto, nunua cha umeme kidogo na ukichukulie kama kikausha taulo. Kama kiango ndicho joto pekee la chumba, chukua cha maji, kilichopakwa rangi, na chenye wati mara mbili ya ulizokokotoa. Ukuta ukiwa na upana mdogo, panda juu badala ya kutanuka. Taulo ya kuogea yenye upana wa sentimita 70 ikikunjwa mara mbili inakaa kwenye kiango cha 40 bila kujaa makunyanzi. Angalia pia nafasi kati ya fito, maana zikibanana sana utakuwa unasukuma taulo kwa vidole kila asubuhi.

Mimi niliishia kwenye mchanganyiko. Kiango kipya cha rangi nyeupe, sentimita 50 kwa 160, kimeungwa kwenye maji, na chini fundi akaweka kiungo cha pande tatu kilichobeba hita ya wati 300. Radieta zikizimwa msimu wa joto, nafunga valvu ya kuingiza maji na kuwasha hita. Valvu ya kutolea maji naiacha wazi, kwa sababu maji yakipata moto hutanuka, na ukifunga zote mbili hayana pa kwenda.