Kazi moja ielezwe hadi mwisho: namna ya kuandaa sampuli unapoomba ajira ya mshahara

Nimekaa mara nyingi upande wa wanaosoma maombi ya kazi za ubunifu wa michoro na uandishi hapa Arusha, na ninawaandikia ninyi mnaoanza kwa sababu naona vijana wenye uwezo wakiachwa kwa jambo linalorekebishika. Potifolio nyingi zinazotufikia ni picha ishirini au thelathini zilizopangwa vizuri, nembo, mabango, kadi za harusi, machapisho ya Instagram, na chini ya kila picha neno moja au mawili. Mteja wa siku moja anaweza kuridhika na picha hizo, kwa kuwa anatafuta kitu kinachofanana na anachokitaka. Mwajiri anayetaka kukulipa kila mwisho wa mwezi ana swali jingine: ukipewa kazi isiyoeleweka vizuri, yenye maandishi ya mtu mwingine, picha za mtu mwingine na tarehe isiyosogea, utaifikishaje mwisho? Picha peke yake haimjibu.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza ni kupunguza. Weka kazi tano, au sita zikizidi, na angalau mbili kati ya hizo zieleze safari nzima ya kazi. Zichague kwa kusoma tangazo la ajira, si kwa kufuata unayoipenda zaidi. Kampuni ya utalii itatafuta vipeperushi, ratiba za safari na kurasa za tovuti. Shirika lisilo la kiserikali litatafuta taarifa ya mwaka, kijitabu cha mafunzo na bango linalosomeka kijijini. Kampuni ya kahawa ya Moshi itatazama vifungashio. Kazi inayokaribiana zaidi na tangazo ndiyo ikae ukurasa wa kwanza, maana msomaji mwenye maombi mengi mezani huamua mapema kama ataendelea.

Nitachukua mfano wa kipeperushi, kwa kuwa karibu kila mbunifu wa ukanda huu amewahi kukitengeneza. Kijana mmoja wa Moshi aliniomba nimtazamie sampuli zake kabla hajaomba kazi katika kampuni ya utalii. Alikuwa ameweka picha ya kipeperushi kikiwa kimesimamishwa juu ya meza ya mbao, na chini yake ameandika: "Kipeperushi cha kampuni ya utalii." Kazi yenyewe ilikuwa nzuri, lakini maandishi ya ndani hayakusomeka, na sikuweza kujua kama picha za mlima alizipiga yeye, kama maneno ni yake, wala kama kipeperushi kiliwahi kuchapwa.

Nilimwuliza kazi ilianzaje. Akasema wageni waliofika ofisini walikuwa wakiuliza maswali yale yale mawili, njia hii ya Kilimanjaro ni ya siku ngapi na usiku tunalala wapi, ingawa majibu yote yalikuwamo kwenye kipeperushi cha zamani. Yalikuwa yamefichwa katikati ya aya ndefu. Yeye akayatoa humo na kuyaweka kwenye jedwali dogo: Marangu, siku tano au sita, kulala kwenye vibanda; Machame, siku sita au saba, kulala kwenye mahema. Jedwali hilo aliliweka katika sehemu ya kati, ambayo mgeni huiona mara anapokifungua. Hilo ndilo nililotaka kulisoma tangu mwanzo, nalo halikuwamo kabisa kwenye sampuli yake.

Kulikuwa na jambo la pili, la kiufundi, ambalo naye aliliona dogo mno kulitaja. Karatasi ya A4 ikilazwa ina upana wa milimita 297, na kipeperushi cha kukunjwa mara mbili huwa na sehemu tatu kila upande. Ukigawanya sawasawa unapata milimita 99 kila sehemu, na kwenye skrini inapendeza. Lakini ile sehemu inayoingia ndani haipati nafasi ya kulala, inajikunja ukingoni na kipeperushi hakifungi vizuri. Yeye alitumia 100, 100 na 97, akiipa sehemu ya kuingia ndani ule upana mdogo, na akakumbuka kwamba upande wa nje sehemu hiyo iko kushoto ilhali upande wa ndani iko kulia. Pia aliongeza milimita 3 za rangi kuzunguka kingo zote, ili kisu cha mpiga chapa kikisogea kidogo kisiache mstari mweupe. Mwajiri anayeyaona hayo anajua kwamba huyu amewahi kusimama kiwandani na kuipokea kazi yake mkononi.

Tulipomaliza, ukurasa wake ulikuwa na picha tatu: kipeperushi cha zamani, kipya kikiwa kimefunguliwa bapa ili kisomeke, na kilichochapwa kikiwa kimekunjwa. Chini yake aliandika hivi:

"Kampuni ilitaka kipeperushi ambacho mgeni atakielewa akiwa bado amesimama mapokezi. Wageni waliuliza zaidi kuhusu idadi ya siku na mahali pa kulala, kwa hiyo niliondoa aya tatu na kuweka jedwali moja katikati. Maandishi ya awali yaliandikwa na meneja, mimi niliyafupisha naye akayapitisha. Picha ni za kampuni. Mpangilio, jedwali na maandalizi ya faili la kuchapa ni kazi yangu. Rangi ya kijani ya nembo haikuruhusiwa kubadilishwa, hivyo nilitumia mandharinyuma nyeupe ili maandishi yasomeke. Kilichapwa, na mhudumu wa mapokezi alisema sasa anaonyesha jedwali badala ya kueleza upya."

Tazameni kwamba hakuna asilimia hata moja katika maelezo hayo. Hakupima mauzo, kwa hiyo hakuyataja. Ninalisisitiza hili kwa sababu wengi huandika kwamba kazi yao iliongeza wateja kwa asilimia 40, na swali la kwanza kwenye usaili linakuwa "mlipimaje?", na hapo mtu mwaminifu kabisa anaanza kubabaika. Neno la mhudumu wa mapokezi ni ushahidi mdogo, lakini ni wa kweli na linatetewa kwa urahisi. Vilevile kugawanya wazi kilicho chako na kisicho chako hakukupunguzii thamani. Ofisini hakuna anayefanya kila kitu peke yake, na anayejua kueleza mpaka wa kazi yake huonekana ni mtu wa kufanya naye kazi.

Kwa waandishi kanuni ni ile ile, ila kosa huja kwa sura nyingine. Mwandishi huambatisha makala yaliyochapishwa na kuacha hapo, wakati msomaji hajui ni sentensi zipi zake na zipi za mhariri. Weka rasimu yako kando ya toleo lililochapishwa, au weka maandishi uliyopewa uyahariri kando ya uliyoyarudisha. Chukua tangazo la kukatika kwa maji linaloanza hivi: "Wananchi wote mnatangaziwa kwamba kutokana na zoezi la ukarabati wa miundombinu linalotarajiwa kufanyika, huduma itakosekana katika baadhi ya maeneo," kisha siku, saa na mitaa vinakuja aya ya tatu. Toleo lililohaririwa linaanza: "Jumamosi, saa 2 asubuhi hadi saa 10 jioni, hakutakuwa na maji Sakina na Kwa Mrombo." Andika chini yake sababu moja tu: msomaji anataka kwanza kujua kama anahusika na ajaze ndoo lini, na sababu ya ukarabati inaweza kusubiri. Nikisoma hivyo naona uamuzi wa mwandishi, na uamuzi ndio tunaoulipia.

Kama hujawahi kuajiriwa, unaweza kabisa kujitungia kazi ya namna hiyo, kwa sharti kwamba uandike waziwazi "kazi ya mazoezi" juu ya ukurasa. Mimi huipa uzito sawa na kazi iliyolipiwa pale inapokuwa na tatizo la kweli na mipaka ya kweli. Nisichokikubali ni nembo mpya ya kampuni kubwa iliyochorwa bila mtu kuiomba, kwa sababu haina meneja wa kuikataa, haina bajeti, wala haina mpiga chapa.

Kuhusu siri, kuweni waangalifu kuliko mnavyodhani inahitajika. Kazi uliyoifanya ukiwa mwajiriwa kwa kawaida ni mali ya mwajiri, hivyo omba ruhusa kwa maandishi kabla ya kuionyesha, na ujumbe mfupi wa barua pepe wenye jibu la "sawa" unatosha kuhifadhi. Taarifa za wafadhili, bei za ndani na majina ya walengwa wa miradi vifunikwe kwa weusi, na picha za watoto au wagonjwa ziondolewe kabisa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mwajiri akiona umezianika taarifa za mwajiri wa jana atajiuliza utafanya nini na za kwake. Ruhusa ikikosekana, eleza tatizo na hatua zako kwa maneno, ukiweka mchoro wa mpangilio usio na maudhui.

Sasa faili lenyewe. Tuma PDF moja, wima au mlalo lakini usichanganye, na jitahidi isizidi megabaiti 10. Gmail hukubali viambatisho hadi megabaiti 25, lakini anayeifungua kwa bando la simu akiwa njiani kati ya Moshi na Arusha hatasubiri. Kwa hiyo ifungue kwanza kwenye simu yako: kama unalazimika kuvuta ukurasa ili usome maelezo, herufi ni ndogo. Kisha ichape kwa rangi nyeusi na nyeupe, kwa sababu ofisi nyingi ndivyo zinavyowachapia wajumbe wa jopo, na hapo utaona kama maandishi ya kijivu juu ya rangi yamepotea. Faili lipewe jina lako na cheo unachoomba, si "potifolio mpya ya mwisho 3".

Ukituma kiungo cha Google Drive, hakikisha umechagua "Anyone with the link", halafu kijaribu kwenye simu ya mtu mwingine ambayo haijaingia kwenye akaunti yako. Nimeona maombi mazuri yakiwekwa kando kwa sababu kiungo kiliomba ruhusa, na ruhusa ilipokuja jopo lilikuwa limekwisha kuchagua watu wa kuwaita.

Ukiitwa kwenye usaili, beba kipeperushi chenyewe kilichochapwa, na faili la awali linaloweza kuhaririwa liwe kwenye kompyuta au flashi pamoja na fonti zake. Mara nyingi mimi huomba badiliko dogo pale pale, mathalani kuongeza njia ya Rongai kwenye jedwali bila kupunguza ukubwa wa herufi, kisha natazama mwombaji anaanza kwa kusogeza nini na ananiuliza nini kabla ya kugusa chochote.