Kurasa 64 za mtaala na kitenzi kimoja nilichokifuta

Wiki iliyopita mama mmoja aliniandikia. Shule imempa waraka wa mtaala wa darasa la mwanawe, kurasa 52, naye ameusoma mpaka ukurasa wa tisa usingizi ukamshinda. Anauliza aufupishe vipi ili yeye na mumewe wajue mtoto anasoma nini, anapimwa lini na anatarajiwa aweze nini. Nilicheka, kisha kicheko kikanikauka. Jambo hilohilo ndilo lililonigombanisha na dada yangu mwaka juzi.

Mimi nimefundisha miaka kumi na moja. Waraka wa mtaala nausoma kama wengine wanavyosoma gazeti, na sikuwa naficha majivuno hayo. Dada aliponipa wa binti yake, kurasa 64, nikamwambia, "Dada, kesho asubuhi utakuwa na ukurasa mmoja." Na kweli aliupata. Masomo tisa, kila moja na vipindi vyake vya wiki, tarehe za mitihani nimezikoleza wino, na chini kabisa matarajio kwa mwanafunzi. Aliubandika ndani ya mlango wa kabati la vitabu, akawaonyesha wenzake. Nami nikavimba kichwa.

Kosa lilikuwa kwenye mstari wa Sayansi. Waraka ulisema: "Mwanafunzi achunguze ukuaji wa mmea kwa wiki 8 na kuweka kumbukumbu kila wiki." Mimi nikaandika: "Atajifunza ukuaji wa mimea." Upande wa upimaji nikaandika: "Mtihani wa mwisho 60, upimaji endelevu 40." Hapo hakuna uongo hata mmoja, na ndicho kinachoniuma mpaka leo.

Zile 40 zilikuwa na mafungu mawili: 20 za majaribio ya darasani na 20 za kazi mradi. Mchanganuo wa kazi mradi ulikuwa kwenye kiambatisho, ukurasa wa 58, ambako nilipita mbio kwa kuwa nilikuwa nimeshachoka. Kumbukumbu za kila wiki alama 8, ripoti 8, uwasilishaji mbele ya darasa 4. Mwalimu aliitangaza kazi hiyo wiki ya pili, siku ambayo mpwa wangu alikuwa nyumbani na homa. Kwa mtoto kama huyo, karatasi ya nyumbani ndiyo ingemkumbusha. Haikumkumbusha.

Wiki ya kumi na moja ikaja kazi ya kukusanywa. Usiku ule mpwa wangu alichora jedwali, akajaza mistari minane kwa kalamu moja na mwandiko uleule. Mmea wake ukawa unarefuka sentimita mbili kila wiki, bila kukosea, kama ngazi. Mwalimu si mtoto mdogo. Mmea wa kweli hauendi hivyo: wiki ya kwanza hauonekani, halafu unakurupuka, halafu unatulia. Kumbukumbu zikapewa 0 kati ya 8. Ripoti 6, uwasilishaji 3. Majaribio alikuwa na 16 kati ya 20, mtihani 48 kati ya 60. Jumlisha: 73. Daraja la juu shuleni pale lilianzia 75.

Alama mbili! Dada hakupiga kelele. Aliniambia tu, "Kaka, ningesoma mwenyewe nikakosea, lingekuwa langu. Lakini wewe ulinisomea." Miezi miwili hakunipa karatasi yoyote nimsomee.

Tangu hapo waraka wa mtaala nauanzia nyuma. Nakwenda kwanza kwenye majedwali ya upimaji na viambatisho, kisha ndipo narudi kwenye masomo. Kila alama naitafutia kitu ambacho mtoto atakifanya au atakikabidhi kwa mkono wake. "Upimaji endelevu 40" si kitu. Hakuna mtoto anayekabidhi upimaji endelevu. Anakabidhi daftari, anafanya jaribio, anasimama mbele ya darasa. Nikikuta tarakimu isiyo na kitu nyuma yake, najua kuna ukurasa sijausoma, au kuna swali la kumpelekea mwalimu.

Kazi inayochukua wiki kadhaa naiandikia siku ya kuanza, siyo siku ya kukusanya peke yake. Kwa dada ningeandika hivi: "Sayansi: panda wiki ya 2. Pima na uandike kila wiki, wiki ya 3 hadi ya 10. Kumbukumbu 8, ripoti 8, uwasilishaji 4. Kusanya wiki ya 11. Uk. 58." Mistari miwili tu. Ilikuwa inaenea kwenye ukurasa ule bila taabu. Nafasi niliipoteza kwa kueleza falsafa ya mtaala, ambayo hakuna mzazi aliyeniuliza.

Halafu vitenzi. Jamani, vitenzi msiviguse! Waraka ukisema "ataje", mtoto anaweza kujiandaa jioni moja. Ukisema "aeleze sababu", anahitaji kuzungumza, akatazwe kukariri, aulizwe "kwa nini" mpaka achoke. Ukisema "achunguze" au "atengeneze", anahitaji siku na vifaa, na hakuna kukesha kunakoweza kuziba wiki zilizopita. Mimi nilivikusanya vyote nikavitia ndani ya "atajifunza", nikadhani nimerahisisha. Vivyo hivyo "ni lazima" na "inapendekezwa": vyote ukiviandika "atafanya", mzazi atahangaikia safari ya hiari na kuacha kazi yenye alama.

Orodha ya masomo yenyewe ni kazi nyepesi, ila usiipange kwa vipindi kama nilivyofanya. Somo la vipindi vitano vya dakika 40 linakula dakika 200 kwa wiki, lakini hilo halikuambii linapimwaje. Kwenye waraka wa dada, masomo saba yalikuwa na mtihani wa mwisho. Mawili, sanaa na michezo, yalipimwa na mwalimu kwa kumtazama mtoto akifanya, muhula mzima. Huko mtoto akikosa darasa, hana mtihani wa kumwokoa. Mzazi anayeona "vipindi 2" hudhani ni somo la kumruhusu mtoto aondoke mapema. Nimewaona wengi wakifanya hivyo, nami niliwahi kuwa mmoja wao.

Na wazazi wenzangu, acheni kuuliza "mtihani ni lini?" kana kwamba mwaka mzima ni siku ile. Ulizeni wiki hii mtoto anaanza nini. Ulizeni tena wiki ijayo. Najua nahubiri, nivumilieni. Aliyeungua ndiye anayeogopa moto. Karatasi yenyewe pia huchakaa, kwa sababu shule husogeza tarehe na mwalimu hubadili mpangilio wa mada. Ndiyo maana siku hizi naandika namba ya ukurasa kando ya kila mstari na tarehe niliyousoma juu kabisa, ili mzazi akisikia jingine shuleni ajue pa kurudi kulinganisha.

Yule mama nimemjibu. Akanitumia picha za kurasa, zimepangwa vizuri, kuanzia wa kwanza hadi wa 40. Nilipomuuliza zile 12 za mwisho akasema aliziacha, ni majedwali tu. Nimemwomba anitumie hizo kwanza.