Manyanga ya chupa: kabla ya kusema watoto hawasikilizi

Wiki hii mwalimu mmoja wa maternele hapa Goma ameniandikia: "Nilitengeneza manyanga 20 ya chupa. Watoto wakatikisa mpaka kichwa kikaniuma, hakuna aliyesikiliza kitu." Nikamuuliza ndani aliweka nini. Mchele. Chupa zote 20, mchele, nusu chupa.

Sasa mwalimu, hapo mtoto asikilize nini? Sauti ni moja mara 20. Tena chupa ikijaa nusu, punje hazina nafasi ya kuruka; zinasogea pamoja kama tope na sauti inafifia. Mtoto akiona haisikiki, anatikisa kwa nguvu zaidi. Kelele yako imeanzia hapo.

Anza na chupa 6 tu, yaani jozi 3 za sauti zilizo mbalimbali kabisa. Tafuta chupa ndogo za plastiki za soda, si za maji. Ya maji ina plastiki nyembamba, mtoto akiibana inalia kra-kra na kufunika sauti ya ndani. Zioshe, zigeuze mdomo chini, zikauke siku nzima, na majira ya mvua hata mbili. Unyevu ukibaki, punje zinagandana kwenye ukuta wa chupa na baadaye kuota ukungu.

Jozi ya kwanza ni mchanga wa kujengea uliochekechwa na kukaushwa kwenye sufuria, vijiko 3 vya chai kila chupa. Usichukue changarawe ya volkeno kwa sababu tu imejaa mlangoni: inasagana yenyewe, inakuwa vumbi, na baada ya muda chupa mbili zilizokuwa pacha hazifanani tena. Jozi ya pili ni maharagi 15 kila chupa, na uyahesabu, maana kijiko kimoja kinaweza kubeba 12 na kingine 18. Yakaange makavu kidogo kwanza, la sivyo wadudu watayatoboa humo ndani. Jozi ya tatu ni vifuniko 2 vya chuma vya chupa za bia. Kifuniko kizima hakipiti kwenye mdomo wa chupa ya soda, kwa hiyo kikunje katikati kwa nyundo.

Kabla ya kufunga, tikisa kila jozi huku umefumba macho. Ukiweza kutofautisha pacha wawili, ongeza au punguza. Kisha paka kole kwenye nyuzi za shingo, kaza kifuniko, zungushia skochi. Kila asubuhi jaribu kukifungua kwa nguvu zako zote, kwa sababu haragi moja linatosha kumkaba mtoto. Funika chupa kwa karatasi moja nyepesi asione ndani. Kitambaa kizito kinameza sauti. Alama ya jozi iweke chini ya kitako.

Mchezo wenyewe ni mfupi. Chupa 3 ziko kwenye mkeka, pacha zao 3 ziko kwako nyuma ya kitambaa. Tikisa moja mara tatu, nyamaza, halafu mtoto mmoja aje atikise zile za mkeka mpaka apate mwenzake. Usimpe chupa yako mkononi: ya mchanga ni nzito kuliko nyingine, ataitambua kwa uzito na wewe utadhani amesikia. Wakishazoea, leta jozi ngumu, moja ya mchele na moja ya mtama. Hapo ndipo utaona darasa zima limeshika pumzi.

Kwa mdundo, yaweke manyanga pembeni. Najua wengi hawapendi kusikia hivyo. Lakini punje lazima isafiri kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, kwa hiyo sauti inafika baada ya mkono kusimama, na mtoto wa miaka 4 anayerusha mkono wote anachelewa zaidi. Watoto 20 wakitikisa pamoja unasikia mvua ya mabati, husikii pigo.

Wape vijiti. Mpini wa ufagio uliokauka, ukatwe vipande vya sentimita 20, ncha zisuguliwe kwa msasa, viwili kwa kila mtoto. Kijiti kimoja kilale juu ya vidole bila kubanwa, kingine kikigonge. Kikibanwa kwa ngumi sauti inakufa. Wewe shika bidoni ya manjano ya lita 5, uipige kwa kiganja kwenye ubavu mpana, si karibu na mshikio wake ambako plastiki ni ngumu. Mwendo uwe kama mapigo mawili kwa sekunde. Walimu wengi wanapiga polepole wakidhani wanawasaidia wadogo, kumbe mtoto hawezi kungojea pigo lililo mbali. Analijaza kwa mapigo yake mwenyewe.

Ukiacha kupiga, vijiti vyote chini. Yule aliyegonga peke yake atajisikia mwenyewe, huna haja ya kumkemea.