Shangazi, nimewaambia "huyo siyo mimi" na picha bado ipo

*Shangazi, shikamoo. Kuna akaunti imetoa picha ya uchi yenye uso wangu. Sura ni yangu, mwili si wangu. Nimeripoti mara sita na jibu ni lile lile: haikiuki kanuni zetu. Niliwaandikia wazi kabisa kwamba huyo siyo mimi. Niliituma picha kwenye magrupu ya ndugu na marafiki ili nao waripoti. Wameripoti, hakuna kitu. Mume wangu badala ya kunitetea ananihoji: "Picha yenyewe halisi iko wapi? Uliipiga lini? Ulimtumia nani?" Wifi naye kaja na maswali yake. Mimi picha zangu sizipandishi mtandaoni, na hiyo moja niliyomtumia mtu haihusiki. Niwaandikie nini waitoe? Na mume wa namna hii nimfanyeje?*
*Aliyedhalilishwa*

Marahaba mwanangu, na pole. Aliyekufanyia hivyo ndiye mwenye aibu, wewe huna. Hayo yamekwisha, sasa nikuambie usiyotaka kusikia: katika watu wote uliowataja, mumeo peke yake ndiye aliyeuliza swali la maana. Umelisikia kama tuhuma kwa sababu lilikugusa pabaya. "Hiyo moja niliyomtumia mtu haihusiki." Nani alikuuliza kama inahusika? Uso hauokotwi hewani. Kama picha zako huzipandishi popote na moja tu ilitoka mkononi mwako, basi ndiyo hiyo, na wewe unajua. Mficha uchi hazai. Uliyemtumia huenda hana hatia, labda naye alimwonyesha mwingine, hayo mtayazungumza nyumbani. Ninachotaka mimi ni picha yenyewe, kwa sababu inafaa kuambatana na ripoti yako na wewe umeikalia.

Turudi kwenye ripoti zako sita. Kosa kubwa liko kwenye maneno matatu unayojivunia: huyo siyo mimi. Jiweke mahali pa anayesoma. Ana foleni ndefu ya malalamiko na dakika chache kwa kila moja. Anaona picha ya mwanamke, na mlalamikaji anasema mwanamke huyo si yeye. Sasa wewe ni nani katika jambo hili? Mpita njia. Kanuni za picha za siri zinamlinda mtu anayeonekana, nawe umejiondoa mwenyewe. Sema kinyume chake: mimi ndiye ninayeonekana, uso ni wangu, umebandikwa kwenye mwili usio wangu, na sikukubali. Kukataa mwili ni sawa, ila usikatae kwamba unayetambulika hapo ni wewe.

Kosa la pili ni mlango uliopitia. Ukibonyeza vitone vitatu na kuchagua "Ripoti", unaletewa orodha ya sababu. Watu wenye hasira hubonyeza ya kwanza wanayoiona: taka, habari za uongo, au akaunti inayojifanya mimi. Kila sababu ina kipimo chake. Aliyeripoti habari za uongo anapimiwa kama habari ni ya uongo, na picha isiyo na maelezo haina habari ndani yake, kwa hiyo "haikiuki". Tafuta sababu inayotaja uchi, kisha ndani yake ile inayosema picha ya faragha imesambazwa bila ridhaa. Majukwaa makubwa huwa pia na fomu ya pekee kwa jambo hili kwenye kituo chao cha msaada, na fomu hiyo ndiyo yenye nafasi ya kuandika maelezo. Kitufe cha haraka mara nyingi hakina.

Hao ndugu wa kwenye magrupu, waambie waache. Ripoti hamsini zenye sababu isiyofaa haziizidi moja iliyokamilika, na katika kuomba msaada umeisambaza picha wewe mwenyewe. Anayetaka kukusaidia atafute nakala nyingine na akuletee kiungo chake, picha asiitume kwa mtu.

Kabla hujaandika chochote, kusanya. Usimzuie mwenye akaunti kwanza, maana ukishamzuia chapisho linapotea machoni pako na kiungo hukipati tena. Fungua chapisho lenyewe, bonyeza kushiriki, kisha "nakili kiungo". Fanya hivyohivyo kwenye ukurasa wa akaunti. Jina kubwa linaloonekana juu halitoshi, linabadilishwa kila siku na watu mia wanaweza kulitumia. Chukua lile linaloanza na @. Halafu piga picha ya skrini nzima yenye jina hilo na tarehe, iwe ushahidi wako endapo atafuta. Kama ni chapisho la saa 24, hilo likikwisha hakuna kiungo tena, kwa hiyo usilale nalo.

Sasa barua yenyewe. Iandike kwa sentensi fupi, kwa sababu anayeisoma huenda anasoma tafsiri ya mashine, na mashine haijui "wamenivua nguo hadharani" maana yake nini. Mfano:

> Mimi ndiye mtu ambaye uso wake unaonekana katika picha hii. Uso wangu umebandikwa kwa programu kwenye mwili wa uchi wa mtu mwingine. Sikukubali picha hii itengenezwe wala isambazwe. Naomba iondolewe.
>
> Chapisho: (kiungo). Picha ni ya 2 kati ya 4. Akaunti: (kiungo na jina la @). Niliiona tarehe 9 Juni 2026, saa 21:14, UTC+3.
>
> Uso umetoka kwenye picha yangu halisi niliyoambatanisha. Linganisheni: hereni ya sikio moja tu inaonekana, na kivuli kiko upande mmoja wa pua. Katika picha ya kughushi vyote vimegeuzwa upande, kama kwenye kioo. Ngozi ya shingo inabadilika rangi chini ya kidevu. Mwili una tatoo begani. Mimi sina tatoo.
>
> Maelezo haya nayatoa kwa nia njema na ni ya kweli kadiri ninavyojua. Sahihi, jina kamili, barua pepe, tarehe.

Tazama kila kitu kinafanya kazi gani. "Picha ya 2 kati ya 4" ipo kwa sababu chapisho la picha nyingi hufunguka kwenye ya kwanza, na msomaji akiona ua la waridi hapo anafunga faili. Saa imeandikwa 21:14 kwa sababu ukiandika "saa tatu usiku", tafsiri itatoa 3 na watatafuta alfajiri. Mwezi umeandikwa kwa jina, kwani 9/6 wengine huisoma Septemba. Na hereni ndiyo sababu mumeo alikuwa na haki. Uso uliokatwa na kubandikwa mara nyingi hubaki na mkao na mwanga wa picha ulikotoka, kwa hiyo picha halisi na ya kughushi zikiwekwa pamoja hata mtu aliyechoka anaona. Bila ile halisi, ni neno lako dhidi ya picha. Ukiambatanisha, ambatanisha hiyo tu yenye nguo zako, usiwatumie picha zako za mwili kuthibitisha kwamba tatoo huna. Hakuna ukaguzi wa kweli unaodai hilo.

Wakikuomba uthibitisho wa jina, utoe ndani ya fomu yao, na namba ya kitambulisho uifunike kama hawajaitaka. Akija mtu kwenye ujumbe wa faragha akijiita "timu ya msaada" na kutaka nywila au malipo, huyo ni mwizi wa pili.

Mambo manne yaliyo kwenye barua hiyo, yaani sahihi yako, mahali picha ilipo, tamko fupi kwamba hukuridhia na namna ya kukupata, ndiyo yanayodaiwa na sheria ya Marekani iitwayo TAKE IT DOWN Act, iliyotiwa saini tarehe 19 Mei 2025. Inahusu pia picha za kughushi za kidijitali. Majukwaa yalipewa hadi 19 Mei 2026 kuwa na utaratibu, na ombi lililokamilika linatakiwa kushughulikiwa ndani ya saa 48. Ni sheria ya huko, lakini majukwaa mengi yako chini yake, kwa hiyo andika kwa kipimo hicho popote ulipo.

Kuna atakayekushauri udai hakimiliki, kwa kuwa selfi uliipiga wewe. Njia ipo na wakati mwingine ina kasi, ila jina lako na anwani yako huweza kufikishwa kwa aliyepandisha picha. Ukimwogopa mtu huyo, iache.

Ukishatuma, hifadhi namba ya ripoti. Wakikataa, omba ukaguzi upya na uweke kitu kipya ambacho hawakukiona, usirudie maneno yaleyale mara ya saba. Siku hiyohiyo nenda StopNCII.org, ambayo ni ya waliotimiza miaka 18. Unachagua picha kwenye simu yako, na hapohapo inatengenezwa alama ya tarakimu kama alama ya kidole. Picha haitoki kwenye simu, inayotoka ni alama. Kampuni zilizojiunga huitumia kutafuta na kuzuia picha inayolingana. Watu hukosea kwa kuingiza ile picha halisi ya nguo. Ingiza ya kughushi, ndiyo inayozunguka. Na ikiwa imekatwa sana au imegeuzwa, alama yake inaweza kuwa nyingine, kwa hiyo ingiza kila toleo ulilolipata. Utapewa namba ya kesi na PIN. Ziandike, PIN ikipotea hairudishwi. Kwa aliye chini ya miaka 18 mlango ni mwingine, huduma iitwayo Take It Down ya NCMEC, shirika la Marekani la kulinda watoto; siyo ile sheria. Google nayo ina fomu ya kuondoa picha za ngono za kughushi kwenye matokeo ya utafutaji, ila hiyo huondoa njia ya kuifikia tu. Tovuti yenyewe inabaki nayo mpaka uiandikie.

Sasa mumeo. Ndoa za siku hizi kila mmoja ana simu yake, nywila yake na siri yake, halafu moto ukiwaka kila mmoja anazima chumba chake. Wewe umewapelekea magrupu mazima picha ya uchi, na umemficha mtu mmoja picha ya nguo. Mpe leo, mtajie na uliyemtumia. Kisha mgawe kazi: yeye atafute viungo na kuviweka kwenye daftari pamoja na saa na namba za ripoti, wewe uandike, maana sahihi inayohitajika ni yako. Ukishindwa kuitazama tena picha, mwandikie idhini fupi yenye sahihi ili awasilishe kwa niaba yako, na aseme tangu mstari wa kwanza kwamba ni mwakilishi.

Na wifi usimnunie. Muulize tu nakala aliyoiona yeye aliipata kwa kiungo gani, huenda si hicho ulicho nacho.