Sekunde tano za kwanza za video ya fundi simu

"Wakuu, natengeneza video fupi za ufundi simu. Maelezo nayatoa vizuri tu, ila watu wanapita kabla sijaanza kufundisha. Zile sekunde za mwanzo mnaziandikaje?"

Mkuu, kazi yangu ni kuandika skripti na kuhariri video za wafanyabiashara wadogo, na mafundi simu wamo. Nikupe mfano wa video moja ya fundi wa Kariakoo, inayohusu simu isiyochaji kwa sababu tundu la chaji limejaa uchafu wa mfukoni.

Skripti aliyoniletea ilianza hivi: "Habari zenu wapendwa, karibuni tena kwenye ukurasa wetu, leo nataka niwaonyeshe namna ya kutatua tatizo la simu kutochaji." Isome kwa sauti huku unaangalia saa. Inakula sekunde saba au nane, na neno "simu" linakuja mwishoni kabisa. Muda wote huo kwenye picha kuna mtu amesimama nyuma ya kaunta. Mfuasi wake atavumilia, maana anamjua. Lakini video hizi zinapelekwa zaidi kwa watu wasiomjua, na hao hawajaona bado kitu kinachowahusu.

Mimi huwa naanza na picha, maneno yanafuata. Naiangalia video yote nikitafuta pale ambapo tatizo linaonekana kwa macho. Kwenye hii ilikuwa katikati: ncha ya kijiti cha meno inatoka kwenye tundu la chaji na donge la nyuzi za kijivu, kubwa kuliko unavyotegemea kwenye kitundu kile. Hapo ndipo tukaanzia. Kamera karibu kabisa, tundu katikati ya kioo, na kijiti tayari kinatembea kwenye fremu ya kwanza. Usianze na mkono unaokwenda kukichukua kijiti, hiyo ni sekunde nzima imepotea.

Sasa maneno. Kwa mwendo wa kawaida wa kuongea, sekunde tano zinabeba maneno kumi hadi kumi na mbili ya Kiswahili, basi. Tuliandika: "Simu haichaji? Usinunue waya kwanza. Huu uchafu umetoka kwenye tundu lake." Ni maneno kumi na moja. Mawili ya kwanza yanamwita mwenye tatizo. Matatu yanayofuata yanagusa hela yake, kwa sababu wengi hukimbilia kununua waya mpya. Sentensi ya mwisho inaeleza anachokiona, ila haisemi namna ya kuutoa bila kuharibu pini za ndani. Hilo ndilo linalombakiza, na lazima ulijibu mara moja: zima simu, tumia kijiti cha mbao, usitumie sindano wala pini ya chuma, chokoa taratibu ukifuata ukuta wa tundu.

Kumbuka pia wanaotazama bila sauti, kwenye daladala au usiku ndani. Tuliweka maandishi makubwa yasiyozidi maneno manne: "Usinunue waya kwanza". Yaweke juu kidogo ya katikati. Chini kabisa yatafunikwa na maelezo ya video, na upande wa kulia kuna vitufe vya kupenda na kutoa maoni. Maandishi yawepo tangu fremu ya kwanza, yasiingie kwa madoido, na yakae muda wa kutosha kusomwa mara mbili.

Ukishapandisha, fungua takwimu za video uangalie ule mstari wa watazamaji waliobaki. Kushuka kidogo mwanzoni hakuepukiki, angalia unapokatika ghafla. Ukikatika sekunde ya kwanza au ya pili, tatizo ni picha, kwa sababu sentensi hata haijaisha. Ukikatika ya tatu hadi ya tano, picha imewashika ila maneno yamezunguka. Ukishikilia vizuri halafu ukaporomoka ya sita au ya saba, hapo kuna ahadi uliyotoa na hujaitimiza, mara nyingi ni kwa sababu umerudi kwenye "kabla hatujaanza, jiunge na ukurasa wangu". Rekebisha sehemu hiyo moja tu kwenye video inayofuata. Ukibadilisha picha, maneno na muziki kwa pamoja, hutajua kilichosaidia ni kipi.

Kuwa mwangalifu na chambo cha uongo. Ukisema "simu yoyote isiyochaji itapona", mwenye betri iliyovimba au tundu lililovunjika atabaki mpaka mwisho, kisha atakuja kukuumbua kwenye maoni, na atakuwa na haki. Yule fundi aliongeza sentensi moja baada ya kusafisha: waya ukiendelea kulegea, tundu limechakaa, lipeleke kwa fundi. Jina la duka na mahali lilipo tuliliweka papo hapo, wakati mtazamaji ndiyo kwanza anaanza kulihitaji.